Mdangaji ni nani? (Mfululizo wa nesi wenu, sehemu ya 1 hadi ya 5)

SEHEMU YA 1: SWALI MOJA, MAJINA MAWILI

Mama zangu, wadada, na ninyi kaka zangu mnaosoma kimyakimya, wiki hii naomba tuongee kuhusu neno moja: mdangaji.

Msimu wa korosho umefunguka, harusi zimeanza, na maneno nayo yameanza. Kuanzia Mikindani mpaka Msimbati, binti akiposwa na mwenye mikorosho mingi, mwenye boti au mwenye ajira ya serikali, hakuna anayeuliza kama wanapendana. Jibu linakuwa tayari: kafuata hela, kapata buzi la kuchuna. Na akiolewa na asiye na kitu, akaja kuteseka na watoto, haohao watasema alikuwa haoni mbele?

Niweke wazi mapema, sitetei matapeli. Yupo mwanamke anayepokea nauli kwa wanaume watatu na haendi kwa hata mmoja. Huyo ni mwongo, sawasawa na mwanaume anayesema hajaoa huku ana wake wawili Tandahimba. Hao tuwaweke pembeni. Mimi namzungumzia binti anayetaka kuolewa kweli na kutulia kwake, ila kabla hajasema ndiyo anauliza: huyu ana nini, na mimi nikiwa kwake nitakuwa salama?

Sasa sikilizeni. Swali hilo mimi naliuliza kila siku kazini, na hakuna aliyewahi kuniita mdangaji. Mjamzito akija kliniki, tunakaa naye tunatengeneza mpango wa kujifungua. Namuuliza atajifungulia wapi. Uchungu ukianza saa nane usiku, nani anamtafutia bajaji? Hela ya nauli imewekwa wapi, na nani anaishika? Akihitaji damu, ndugu gani wawili wako tayari kuchangia? Vitenge, mpira wa kulalia, glavu na pamba vimeshanunuliwa? Watoto wakubwa watabaki na nani?

Akijibu vizuri tunafurahi, tunasema huyu mama amejipanga. Akiniambia "sijui, mume hajasema kitu", moyo unaniuma, maana najua kinachofuata. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua hana siku mbili za kusubiri mtu akope. Ana saa chache, na ikizidi sana saa mbili.

Kwa hiyo niambieni. Swali la "nani atanihudumia nikiwa siwezi" linakuwa busara akishakuwa na mimba ya miezi saba, ila akiliuliza kabla hata hajavua baibui la ubinti linakuwa tamaa? Yaani mnataka alijue jibu akiwa hana tena uwezo wa kuchagua?

SEHEMU YA 2: HESABU YA MWILI

Kuna mtu ataniambia, nesi, siku hizi wanawake wanafanya kazi, kwa nini asijitegemee? Swali zuri. Tulijibu kwa hesabu, tuache hisia.

Chukua mama mwenye watoto watatu. Kila mimba ni miezi tisa. Baada ya hapo tunamshauri amnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Hiyo ni miezi 15 kwa mtoto mmoja. Kwa watatu ni miezi 45, karibu miaka minne kamili ya maisha yake, na hapo sijahesabu kunyonyesha kunakoendelea mpaka miaka miwili, malaria za watoto, wala usiku wa kutolala. Akijifungua kwa upasuaji, tunamkataza kubeba ndoo ya maji na mzigo mzito kwa wiki sita au zaidi.

Sisemi kwamba miezi hiyo hafanyi kazi. Mnamjua mama wa huku kwetu: ana mimba ya miezi minane na bado yuko mwambani maji ya bamvua yakipwa, anatafuta pweza. Ninachosema ni kwamba katika miezi hiyo kipato chake kinashuka na mahitaji yake yanapanda, kwa wakati mmoja. Lazima mtu mwingine aliyesimama vizuri azibe pengo. Mwili wa baba hauna miezi 45 hiyo, na hiyo ndiyo tofauti yote.

Watunga sheria waliliona hili zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe kwa malazi, mavazi na chakula, kadiri ya uwezo wake. Kifungu hichohicho kinampa mke wajibu wa kumtunza mume mwenye uwezo uliokwisha kwa ugonjwa au ulemavu, iwapo mke ana kipato. Katika Uislamu, ambao wengi wetu ukanda huu tunaufuata, matumizi ya nyumba yako juu ya mume, na mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe, si ya baba yake wala mjomba wake.

Sasa kama sheria na dini zote zinasema mume atatunza, anayeuliza kama huyu bwana ana cha kutunzia amekosea wapi? Anasoma mkataba kabla ya kutia saini. Ukienda benki kukopa, wanauliza una nini, na hakuna anayeiita benki mdangaji.

SEHEMU YA 3: NANI ANAMCHUNA NANI?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tunazungumza kana kwamba anayeingia kwenye ndoa kwa hesabu ni mwanamke peke yake. Tufungue hesabu ya mwanaume nayo. Nitatoa mfano wa kutunga, ila namba zake kila mwenye shamba anaweza kuzilinganisha na za kwake.

Tuseme bwana ana mikorosho 80, anaoa. Mkorosho mmoja tuupe kilo 10 kwa msimu. Hizo ni kilo 800. Mnada wa kwanza wa msimu wa mwaka 2024 ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo, lakini bei hupanda na kushuka na kuna makato, basi tuseme mkononi anapata 3,000. Jumla ni shilingi 2,400,000.

Sasa kazi. Kupulizia salfa kuzuia ubwiriunga mara nyingi ni ya baba. Palizi na kufagia chini ya miti, mama yupo: siku 10. Kuanzia Septemba korosho zinaanguka, na hapo mwenye kuinama ni mama na watoto. Kuokota na kuzitoa kwenye mabibo, siku tatu kwa wiki, kwa wiki 14, ni siku 42. Kuanika na kuchambua ili zisishushwe daraja ghalani, siku 8. Jumla ni siku 60. Kibarua tumlipe shilingi 5,000 kwa siku. Mke ameokoa shilingi 300,000 kwa msimu mmoja, bila kuhesabu ugali, kuni, maji na watoto.

Miaka minane ikipita, siku zake zimefika shilingi 2,400,000. Ni sawa na mauzo ya msimu mzima.

Na hapo bado. Mwaka wa tatu wa ndoa walipanda mikorosho mipya 40. Mkorosho huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi, na unaendelea kuzaa kwa miongo. Nani alimwagilia miche? Nani aliilinda na mbuzi? Tunajua. Lakini kwenye daftari la chama cha msingi limeandikwa jina moja, na hela ya mnada inaingia kwenye akaunti moja.

Sasa inafika Novemba. Akaunti imejaa, na bwana anatangaza anaongeza mke, au anampa mama watoto talaka kwa sababu siku hizi "amechakaa". Ndoa za msimu huku kwetu tunazijua wote. Mama anakaa eda, anarudi kwao na godoro, sufuria na watoto watatu. Mikorosho 80 inabaki. Ile 40 inabaki nayo.

Sasa nauliza kwa sauti: katika nyumba hii, aliyechunwa ni nani?

Baharini ni vilevile. Boti ina jina la baba, leseni ina jina la baba. Mama anakaanga samaki, anauza, faida inanunua nyavu. Ndoa ikivunjika, nyavu ni za mwenye boti, na mama anabaki na karai.

Hatuna neno la kumwita huyo bwana. Kwa binti aliyeuliza kuhusu mali tuna maneno matatu, na kwa mwanaume aliyevuna miaka minane ya mgongo wa mtu hatuna hata moja. Lugha yetu wenyewe inatuonyesha tuko upande gani.

SEHEMU YA 4: BIBI ZETU NA KANGOMBA

Wazee watasema, zamani wanawake hawakuwa hivi. Ni kweli, ila tuulize kwa nini.

Zamani, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo ulihesabiwa kwa mama. Mara nyingi mwanaume ndiye aliyehamia kwa ukoo wa mke, akalima ardhi ya ukoo huo. Watoto walikuwa wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti. Ndoa ikivunjika, aliyebeba mkeka na kuondoka alikuwa mume. Bibi hakuhitaji kuuliza bwana ana shamba kiasi gani, kwa sababu shamba lilikuwa chini ya miguu yake, na nyuma yake walikuwepo mama, dada na kaka zake.

Kisha mkorosho ukaenea. Mahindi na muhogo unalima msimu huu, kesho ardhi inarudi kwa ukoo. Mkorosho haurudi. Umesimama pale miaka 40, na aliyeupanda husema ni wangu, nitawaachia wanangu. Mti wa kudumu ukaigeuza ardhi ya ukoo kuwa mali ya mtu, na mtu huyo mara nyingi alikuwa mwanaume. Ongeza na urithi kufuata upande wa baba, na wanawake kuhamia kwa waume zao. Ule ulinzi wa bibi ulipungua polepole, na hakuna aliyeweka mwingine mahali pake.

Kwa hiyo binti wa leo hana tamaa kuliko bibi yake. Anatafuta kwa mume kile ambacho bibi yake alikipata kwa ukoo.

Na kuna ndoa ninayoiita ndoa ya kangomba. Kangomba mnaijua. Mwezi wa Februari au Machi njaa imekaza, mkulima anauza korosho ambazo bado hazijaiva, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye hela taslimu. Msimu ukifika, mnunuzi anavuna faida ya jasho la mwenzie. Serikali inaipiga marufuku biashara hiyo kila mwaka, na tunaposikia habari zake tunamlaumu mnunuzi. Tunasema mkulima alibanwa na njaa.

Binti naye hubanwa na njaa. Anakubali bwana wa kwanza mwenye hela ya unga, kwa masharti ya bwana, bila kuuliza, bila kuandikisha. Huyo hatusemi alibanwa. Tunasema amedanga.

Dawa ya kangomba ni mkulima kuwa na akiba ya kumfikisha msimuni. Binti mwenye kibanda cha mihogo, cherehani au cheti cha ufundi anaweza kusema "subiri kwanza". Sasa angalieni kaka zetu: haohao wanaolalamika wanawake wanapenda hela, ndio wanaomwambia mke asifanye biashara kwa sababu atapata kiburi. Huwezi kumkataza mtu kutafuta kisha ukamlaumu kwa kutegemea.

Kwa wazazi pia nina neno. Kumwoza mtoto wa miaka 15 kwa mwenye mali na kusema "nimemtafutia usalama", hiyo ni kangomba iliyokamilika, na anayeuza hapo si binti. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu wasichana kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Nami naongeza la wodini: nyonga ya mtoto bado haijakomaa. Uchungu unakwama, kifafa cha mimba kinampata kirahisi zaidi, na wengine wanaishia na fistula, mkojo unavuja mchana na usiku. Yule bwana mwenye mali huwa wa kwanza kuondoka. Usalama wa nani huo?

SEHEMU YA 5: USALAMA HAUKO MFUKONI MWA BWANA

Sasa niwageukie mabinti, maana nimewatetea, na ninyi mnisikilize.

Kosa lenu si kuuliza. Kosa ni kuuliza swali nusu. Mnauliza "ana nini?" mnaishia hapo. Bwana wa Novemba ana pikipiki mpya na anawanunulia watu vinywaji. Mtafute bwana huyo Machi. Anakula nini, anamdai nani, anadaiwa na nani, watoto wa mke wa kwanza anawalisha? Mwanaume anayeonekana tajiri miezi miwili kwa mwaka hajakupa usalama, amekupa sherehe.

Swali kamili ni hili: katika alicho nacho na tutakachokitafuta pamoja, kipi kitakuwa na jina langu? Usalama wako ni kile kinachobaki kwako siku akifa, siku akikasirika, siku akiongeza mke. Kijana mwenye mikorosho 20 anayekubali muandikishe wote wawili ile mtakayoipanda ni salama kuliko mwenye 500 anayekuficha hata kiasi cha kilo alizopeleka ghalani.

Sheria inakupa nafasi, ila inataka ushahidi. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa na jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni ya huyo mpaka ithibitishwe vingine. Ikiwa na majina ya wote wawili, mnachukuliwa kuwa na haki sawa. Ndiyo maana napiga kelele za jina.

Kama jina halipo, kipo kifungu cha 114. Mahakama inapovunja ndoa inaweza kugawa mali mliyoipata kwa juhudi za pamoja, hata mali aliyokuja nayo ikiwa wewe umeiendeleza kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Kupika, kulea na kutunza nyumba vinahesabika. Lakini msikie na upande wa pili: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa sababu mahakama iliona mume alishampa fedha za mradi wa familia naye akazitumia vibaya. Na baadaye mahakama hiyohiyo imesisitiza kwamba ukubwa wa mchango wa kila mmoja ni jambo la kuthibitisha. Ukienda na machozi peke yake, utarudi nayo.

Kwa hiyo fanyeni mambo manne.

Moja, ndoa isajiliwe na cheti ukione kwa macho yako, uhifadhi nakala kwa mama yako.

Mbili, mnaponunua kiwanja au kufungua shamba jipya, barua ya serikali ya kijiji au hati ya kimila iwe na majina mawili. Shamba la pamoja liandikishwe hivyo na kwenye chama cha msingi. Ongeeni hili mkiwa na furaha. Siku ya ugomvi mmeshachelewa.

Tatu, mahari isiishie kwenye sare na matarumbeta. Kama kuna iliyobaki kulipwa baadaye, iandikwe kiasi, na mashahidi watie saini. Mtaji wako wa kwanza huo.

Nne, weka kumbukumbu. Stakabadhi ya salfa uliyonunua kwa hela ya kikoba, daftari la vibarua, picha za miche siku mnapanda, jina la jirani aliyekuona. Ikitokea bahati mbaya, talaka ya karatasi haigawi mali. Utaanzia baraza la usuluhishi la kata au la Bakwata, ukipata fomu yao unakwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba ndoa ivunjwe na mali igawanywe. Hakimu atauliza umechangia nini, na daftari lako ndilo litakalojibu.

Kaka zangu, mke aliyeuliza mapema na akaandikwa jina hana sababu ya kuficha hela kwenye pindo la kanga. Anayejua shamba ni lake pia haokoti korosho kwa kinyongo. Mnaogopa mwanamke mwenye hesabu, lakini mimi niko wodini, na ninayemwogopa ni mwanaume anayesimama mlangoni saa nane usiku, mkewe anatoka damu, akaniambia hela yote iliisha harusini.

Mabinti, ulizeni. Wakiwaita wadangaji, waambieni mmeuliza mapema kile ambacho nesi angewauliza baadaye.